Bei ya dhahabu kwenye simu na bei ya mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tozo, marufuku na ushuru

Nimefanya hesabu za mabroka wa dhahabu hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na maswali ninayoletewa hurudia yaleyale. Karibu yote yana mzizi mmoja: dhahabu ina bei moja duniani, lakini kila mpaka una lango, na kila lango lina bei yake. Katika mifano yote hapa chini nimeiweka dhahabu safi kuwa dola 100 kwa gramu na dola moja kuwa shilingi 2,500, ili hesabu ziwe nyepesi. Bei ya siku unayosoma itakuwa nyingine, lakini asilimia hazitegemei bei ya siku.

Nimepeleka cheni kwa sonara Kisutu, akanipa pesa ndogo kuliko bei niliyoiona kwenye simu. Ameniibia?

Anza na karati kabla hujamshuku. Bei ya kwenye simu ni ya dhahabu safi, yaani karati 24, na mara nyingi huandikwa kwa wakia. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, siyo 28 kama ile ya unga na viungo. Cheni ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75 tu. Kwa hiyo cheni yako ya gramu 10 ina dhahabu safi gramu 7.5, ambayo kwa bei yetu ya mfano ni dola 750, sawa na shilingi 1,875,000.

Hiyo bado ni bei ya dunia, inayopangwa London, siyo ya Kisutu. Sonara akiyeyusha cheni kuna upotevu kidogo, halafu lazima abaki na faida. Kuna na jambo la tatu ambalo wengi hawalioni. Dhahabu iliyo ndani ya nchi inayouza dhahabu nje ina thamani ya bei ya dunia ukitoa gharama ya kuitoa nje kihalali. Sonara ana njia mbili za kupata mali: kununua kwako au kununua kwa mwenye dhahabu ya mgodini. Yule wa pili ameshakubali bei iliyokatwa mrabaha, yaani asilimia ambayo serikali huchukua kwenye thamani ya madini, kwa hiyo wewe pia utapimwa kwa kipimo hicho hicho, ingawa cheni yako haijawahi kulipiwa mrabaha wowote.

Akikukata asilimia 5 hadi 10 baada ya kuhesabu karati sawasawa, hiyo ni biashara. Akikukata asilimia 25, chukua cheni yako uende duka la pili.

Serikali inamtoza anayesafirisha nje. Kwa nini basi mchimbaji ndiye anayelalamika?

Kwa sababu msafirishaji hawezi kumwongezea bei mnunuzi wa Dubai. Dubai inanunua dhahabu kutoka nchi nyingi, na hakuna anayejali kwamba ya Geita imelipiwa tozo na ya kwingine haijalipiwa. Msafirishaji akitozwa asilimia 7, njia pekee iliyobaki ni kuirudisha tozo nyuma: anamlipa broka pungufu, broka anampunguzia mchimbaji, na mchimbaji hana wa kumpunguzia.

Ushuru wa kuingiza dhahabu hufanya kinyume chake. Nchi isiyochimba, au inayochimba kidogo lakini watu wake wanapenda dhahabu, ikiweka ushuru mlangoni, bei ya ndani hupanda juu ya ile ya dunia na mnunuzi wa mwisho ndiye anayelipa. Kwa hiyo tozo ya kutoka huzamisha bei ya ndani, ushuru wa kuingia huiinua juu. Ukikumbuka hilo, habari nyingi za dhahabu unaweza kuzielewa bila mtaalamu.

Pale mgodini kuna kupunguzwa kwingine kusikohusiana na serikali. Mchimbaji aliyepewa chakula, pampu na baruti na mfadhili wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hana uhuru wa kutafuta mnunuzi. Anauza kwa mfadhili, kwa bei ya mfadhili. Pengo hilo halifutiki kwa kufuta kodi, na nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wakishangaa kwamba kodi imeshuka na bei ya shimoni haijasogea.

Tozo za Tanzania zimebadilikaje, na zilibadilisha nini?

Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ushuru wa huduma wa halmashauri ni asilimia 0.3. Mchimbaji mdogo alikuwa pia na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mapema mwaka 2019, baada ya Rais Magufuli kukutana na wachimbaji wadogo hapa Dar es Salaam mwezi Januari, Bunge lilifuta hizo mbili za mwisho kwa wachimbaji wadogo. Machi mwaka huohuo soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita, mengine yakafuata mikoani.

Tuchukue mchimbaji mwenye gramu 100 za dhahabu yenye usafi wa asilimia 90. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 90, thamani yake dola 9,000.

Chini ya utaratibu wa kabla ya 2019, ukijumlisha asilimia zote hizo unapata 30.3. Ni dola 2,727 kwenye dola 9,000. Kinabaki 6,273 kabla broka hajachukua chake. Kwenye vitabu, VAT inaweza kurudishwa kwa aliyesajiliwa. Mtu wa duara aliyeshika karai hakuwa amesajiliwa popote, kwa hiyo kwake ilikuwa gharama kamili.

Baada ya 2019 zilibaki asilimia 7.3, yaani dola 657. Kinabaki 8,343. Sheria za fedha za miaka iliyofuata zimegusa tena kodi za wachimbaji wadogo, na hizo sizihesabu hapa, kwa kuwa ninachotaka uone ni ukubwa wa hatua ile moja.

Sasa weka pembeni yake hesabu ya mtoroshaji, ambayo naye huifanya. Tuseme anakamatwa mara moja katika kila safari 25 na kupoteza mzigo wote. Hiyo ni gharama ya asilimia 4. Nauli, watu wa njiani na punguzo la mnunuzi wa upande wa pili tuziweke asilimia 1. Jumla ni 5. Kabla ya 2019 alikuwa akiepuka 30 kwa gharama ya 5, na akiamua kugawana na mchimbaji, bado wote wawili wanaondoka na pesa nyingi. Baada ya 2019 anaepuka 7.3 kwa gharama ya 5. Kimebaki kipande cha asilimia 2.3, na kifungo kiko palepale. Ndiyo maana dhahabu iliyokuwa haionekani ilianza kuonekana masokoni bila mgodi mpya kufunguliwa, na sehemu ya wachimbaji wadogo katika mapato ya madini ikapanda. Namba za mtoroshaji nimezikadiria mimi. Lakini umbo la hesabu ndilo hilo, na hata ukizizidisha mara mbili jibu halibadiliki kwa upande wa kabla ya 2019.

Kuna mtu ananiahidi bei nzuri kuliko ya soko la madini. Nifanyeje?

Jiulize tofauti inatoka wapi. Mnunuzi anayelipa tozo zote anaweza kukupa bei ya dunia ukitoa takriban asilimia 7 za serikali na faida yake. Mtu anayekupa bei ya dunia ukitoa asilimia 3 tu, tena kwa pesa taslimu nje ya soko, hawezi kuwa analipa tozo. Hesabu haikubali. Ama dhahabu yako inakwenda mpakani, ama bei ile nzuri inarudishwa mfukoni mwake kwa njia ya mizani na kipimo.

Hiyo ya pili ndiyo huwaumiza watu wengi zaidi. Akikwambia usafi ni asilimia 84 wakati ni 90, amechukua dola 600 kwenye zile gramu 100, karibu sawa na tozo zote za serikali, na wewe unaondoka ukisema umekwepa kodi. Pale soko la madini dhahabu inapimwa kwa mashine mbele yako na Tume ya Madini hutoa bei elekezi. Kwa mtu mwenye gramu chache, kipimo cha uhakika kina thamani kuliko asilimia mbili za bei.

Hesabu hii ya bei hufanya kazi pia kwa nchi nzima. Ukitaka kujua kama dhahabu inavuja, usiulize idadi ya waliokamatwa. Angalia pengo kati ya bei ya mtaani na bei ya dunia. Likiwa dogo kuliko jumla ya tozo halali, maana yake bei ya mtaani inapangwa na watu wasiozilipa.

Marufuku ya makinikia ya 2017 iliuma sana. Kwa nini marufuku nyingine za dhahabu hazionekani kufanya kitu?

Kwa sababu makinikia hayaingii mfukoni.

Kilo moja ya dhahabu ina ujazo wa sentimita za ujazo kama 52, yaani viberiti viwili vilivyobandikwa pamoja. Thamani yake, kwa bei yetu, ni dola 100,000. Makinikia ni mchanga uliochujwa, wenye shaba, dhahabu na fedha pamoja, na husafirishwa kwa tani ndani ya kontena kwenda kuyeyushwa nje, kwa kuwa hapa nchini hakukuwa na mtambo wa kuyeyushia. Machi 2017 serikali ilipozuia usafirishaji wake, kontena 277 zilikwama bandarini hapa Dar es Salaam. Hakuna mtu anayeweza kuvusha kontena 277 kwa njia ya panya.

Marufuku ile iliubana mkondo wote. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliendelea kuuza mikuo ya dhahabu iliyoyeyushiwa mgodini, lakini sehemu iliyotoka kama makinikia ikawa mzigo wa ghalani, na baadaye mwaka huohuo kampuni ikapunguza shughuli za Bulyanhulu. Ubishi ulikuwa juu ya kiasi cha dhahabu kilichomo ndani ya mchanga ule, na madai ya kodi yaliyofuata yalifika dola bilioni 190. Suluhu ilikuja kupitia Barrick, mmiliki mkuu wa Acacia: ilitangazwa Oktoba 2019, ikatiwa saini Januari 2020, ikawa na malipo ya dola milioni 300, kampuni ya ubia ya Twiga, na hisa za serikali za asilimia 16.

Angalia kisichotokea katika kisa hiki. Bei ya dhahabu ya mchimbaji mdogo haikushuka kwa sababu ya kontena zile, wala ya dunia haikupanda. Marufuku ya kitu kizito husimamisha kitu. Marufuku ya kitu kidogo chenye thamani kubwa hubadilisha njia na kuongeza nauli, na nauli hiyo hukatwa kwenye bei ya aliye chini kabisa.

Uganda ilifanya nini mwaka 2021 hadi dhahabu yake ikapotea kwenye takwimu?

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa kinaonyesha jinsi asilimia ndogo inavyoweza kuua mkondo mkubwa.

Uganda ilikuwa ikiuza nje dhahabu nyingi kuliko inayochimbwa kwenye ardhi yake. Sehemu kubwa iliingia kutoka nchi jirani, ikasafishwa na kupaa kutoka Entebbe. Kiwanda cha kusafisha dhahabu hakiishi kwa bei ya dhahabu. Kinaishi kwa faida nyembamba, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya thamani ya mzigo, ikizidishwa kwa mizigo mingi. Julai 2021 serikali ikaweka tozo ya asilimia 5 kwa dhahabu iliyosafishwa na 10 kwa isiyosafishwa.

Kwa kilo yetu ya dola 100,000, tozo ya asilimia 5 ni dola 5,000. Msafishaji aliyekuwa akibakiwa na dola mia kadhaa kwa kilo hawezi kulipa elfu tano. Je, angeweza kuirudisha nyuma kwa wauzaji wake, kama wanavyofanya wasafirishaji wa kwetu? Hapana, na hapa ndipo tofauti ilipo. Mchimbaji wa Geita yuko juu ya mwamba wake, hawezi kuuhamisha. Mwenye dhahabu iliyokuwa ikipita Uganda alikuwa na nchi nyingine kadhaa za kupitia. Aliposikia asilimia 5, aligeuza njia.

Kwa miezi mingi takwimu rasmi zikaonyesha mauzo ya dhahabu ya sifuri, kwa bidhaa iliyokuwa ikiongoza kuleta fedha za kigeni. Wasafirishaji waligoma kulipa, mazungumzo yakaendelea, na hatimaye mwaka 2023 tozo ikabadilishwa kuwa dola 200 kwa kila kilo iliyosafishwa. Kwa kilo ya dola 100,000 hiyo ni asilimia 0.2. Mauzo yakarejea na kupita dola bilioni 2 mwaka 2023.

Kwa msomaji wa Tanzania funzo la kisa hiki ni jembamba, siyo pana. Dhahabu inayochimbwa kwako huvumilia tozo hadi pale gharama ya kuitorosha inapokuwa nafuu. Dhahabu inayopita tu kwako haivumilii hata kidogo.

Tangu Oktoba 2024 wauzaji wanatakiwa kutenga asilimia 20 kwa viwanda vya ndani. Hiyo ni tozo nyingine?

Siyo tozo kwa jina, ila lazima uipige hesabu kama tozo ili ujue kama inakuumiza au inakufaa. Sheria ya Fedha ya 2024 iliitaka angalau sehemu ya tano ya dhahabu isafishwe na kuuzwa hapa nchini, na viwanda vya Dodoma na Mwanza vikatajwa kupokea mzigo, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Ili isiwe adhabu tupu, dhahabu inayopita njia hiyo inalipa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6, haina ada ya ukaguzi, na inahesabiwa VAT ya kiwango cha sifuri.

Mwenye kilo 10 anapeleka kilo 2, thamani dola 200,000. Anaokoa asilimia 3, dola 6,000, na hana gharama ya ndege wala bima kwa kilo hizo. Kwenye karatasi amefaidika.

Kinachomrudisha nyuma ni sarafu. Mzigo wa Dubai humletea dola, na mzigo wa Benki Kuu humletea shilingi. Kama shilingi hizo anaweza kuzigeuza dola kwa kiwango rasmi siku anayotaka, asilimia 3 zake ni halali yake. Kama hawezi, soma swali linalofuata.

Imewahi kutokea mnunuzi akatoa bei iliyo juu ya bei ya dunia. Inawezekanaje, na tozo zipo?

Inawezekana pale dola inapokuwa adimu, kama ilivyokuwa hapa kwetu mwaka 2023 na sehemu ya 2024. Siku hizo waagizaji wa vipuri na vitambaa wa Kariakoo walikuwa wakizunguka benki hadi benki.

Tuseme kiwango rasmi ni 2,500 lakini ukitaka dola leo jioni utalipa 2,650. Gramu moja ya dhahabu safi kwa kiwango rasmi ni shilingi 250,000. Mwagizaji mmoja anamlipa mwenye dhahabu 255,000. Anaonekana amepagawa, maana amelipa asilimia 2 juu ya dunia. Lakini akiifikisha Dubai anapata dola 100, kwa hiyo kila dola imemgharimu 2,550, wakati mtaani angelipa 2,650. Huyu hanunui dhahabu, ananunua dola, na dhahabu ni mkoba tu wa kuibebea.

Mtu wa namna hii hajali mrabaha kama broka wa kawaida anavyojali, na akiamua kutoulipa, anaweza kumpita bei kila mnunuzi halali. Ndiyo sababu naamini kiwango cha kubadilisha fedha kinaweza kuharibu soko la madini kuliko tozo yenyewe. Ethiopia imeonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: Julai 2024 ilipoiachia sarafu yake ifuate soko, dhahabu iliyopelekwa Benki Kuu yao iliongezeka sana ndani ya miezi michache. Wachimbaji walikuwa walewale na mashimo yalikuwa yaleyale.

Ushuru wa Uhindi unatuhusu nini sisi?

Unatuhusu kwa sababu dhahabu nyingi ya kanda hii inayoishia Dubai haikai Dubai. Sehemu kubwa ya kiu iko Uhindi, na Dubai hulipa kulingana na kiu hiyo.

Uhindi wamejaribu karibu kila chombo. Mwaka 2013, kwa kuhofia kuishiwa fedha za kigeni, walipandisha ushuru hadi asilimia 10 mwezi Agosti, na kabla yake, Julai, waliweka sharti kwamba sehemu ya tano ya dhahabu inayoingia lazima isafirishwe tena nje. Ushuru wa asilimia 10 peke yake huinua bei ya ndani kwa kama asilimia 10, basi. Sharti la kiasi halina kikomo cha namna hiyo. Mzigo ulipokosekana, nyongeza ya kupata dhahabu tu mkononi ilifika karibu dola 160 kwa wakia mwishoni mwa mwaka ule, wakati wakia yenyewe ilikuwa kama dola 1,200. Kilichoizuia isipande zaidi ni magendo. Sharti likaondolewa Novemba 2014.

Ushuru ukapanda tena hadi asilimia 15 Julai 2022, kisha tarehe 23 Julai 2024 ukashushwa kwa mkupuo hadi 6. Siku hiyohiyo bei ya ndani ya Uhindi ilianguka kwa karibu rupia 4,000 kwa gramu 10, huku London ikiwa imetulia. Kwa bei yetu ya mfano, aliyekuwa amelala na kilo ya magendo alikuwa na faida ya dola 15,000 kabla ya gharama. Alipoamka amebakiwa na 6,000.

Wahindi wana alama nzuri ya kuonyesha magendo, na nilijifunza kwao. Wafanyabiashara wao hutangaza kila wiki kama bei ya mtaani iko juu au chini ya bei ya dunia iliyoongezwa ushuru. Ikikaa chini kwa muda mrefu, maana yake ama watu hawanunui, ama kuna dhahabu mjini ambayo haikulipa ushuru.

Agosti 2025 bei ya New York iliruka kwa sababu ya ushuru wa Marekani. Mbona Geita haikuruka?

Kwa sababu kilichoruka kilikuwa pengo, siyo dhahabu. New York huuza mikataba ya kupokea dhahabu baadaye, na mikataba hiyo hutaka mikuo ya kilo moja au ya wakia 100. London huuza dhahabu ya leo, kwenye mikuo mikubwa ya wakia 400 hivi. Ili mkuo wa London ukubalike New York, kwa kawaida hupelekwa Uswisi kuyeyushwa na kutengenezwa upya kwa umbo dogo.

Mapema mwaka 2025 hofu ya ushuru ilikuwa imeshafanya maghala ya New York yajae zaidi ya maradufu, watu wakikimbiza mikuo kabla mlango haujafungwa. Aprili dhahabu ikaachwa nje ya ushuru, mbio zikatulia. Kisha mwanzoni mwa Agosti ikajulikana kwamba forodha ya Marekani imeandika barua inayoiweka mikuo ya kilo na ya wakia 100 kwenye fungu linalotozwa. Uswisi ilikuwa imewekewa asilimia 39. Mkataba wa New York ukapita London kwa zaidi ya dola 100 kwa wakia.

Angalia namba hiyo vizuri. Dola 100 kwenye bei ya kama 3,400 ni asilimia 3, siyo 39. Soko lilikuwa likisema kwamba huenda ushuru upo, lakini kwa uwezekano mdogo. Tarehe 11 Agosti Rais Trump akatangaza kwamba dhahabu haitatozwa, na pengo likafungwa.

Kwa mtu wa Geita au Kahama athari ilikuwa moja tu, nayo ya kero: simu nyingi huonyesha bei ya New York, na siku zile muuzaji aliyeishika simu yake aliona mnunuzi anampunja kwa dola tatu kila gramu, wakati mnunuzi alikuwa akitumia London kama siku zote. Kwenye simu yako tafuta bei ya dhahabu ya papo hapo, siyo ya mkataba wa mwezi ujao. Ndiyo inayotumika Dubai, na ndiyo utakayolipwa.